Matofali Mia Nane na Mapazia Matano

Mapazia niliyashona kwanza. Matano, ya maua ya rangi ya chungwa, na bitana nyeupe kwa nyuma ili jua lisiyafifishe. Yalipokwisha niliyakunja vizuri, nikayaweka juu ya kabati, nikakaa kuyatazama kwa furaha ya mtu mwenye nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa bado haina hata shimo la msingi.

Binti yangu aliamka akanikuta nimekaa hivyo. Yeye hufanya kazi usiku kwenye kiwanda cha mikate. Akirudi asubuhi hulala, na asubuhi ndipo cherehani yangu inapoanza. Chumba chetu cha kupanga ni kimoja. Kitanda chake kiko upande huu, mashine yangu upande ule, na katikati hapana kitu ila kelele. Miaka yote hiyo hajanilalamikia, ila macho yake yalikuwa yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu gunia zima.

"Mama," akasema, "yule mwenzangu wa kazini ameniuliza tena. Ana kitanda cha pili kwake. Nikitaka, nihamie mwisho wa mwezi."

"Mwambie unahamia kwako," nikamjibu. "Vyumba viwili vya kulala. Chako kina mlango wake na ufunguo wake."

"Hela zinatosha?"

"Zinatosha na zinabaki."

Hapo nisimame kidogo niseme jinsi nilivyopiga hizo hesabu, maana nilijivunia mno. Fundi mwashi wa mtaani kwetu, kijana ambaye watu wanamwita Pimamaji kwa sababu haendi hata msikitini bila kile kifaa chake cha kupimia usawa mfukoni, alikuwa ametaka nimlipe kidogo anipigie makadirio. Nikaona ananionea. Mimi nimepima watu tangu ujana wangu: vifua, viuno, mabega yaliyoshuka, matumbo yanayofichwa wakati wa kupimwa. Nyumba haibani tumbo. Ina ugumu gani?

Basi nikaenda kiwanjani na futi yangu ya kitambaa, nikaipima nyumba kama mteja. Mzunguko wa kiuno: mita nane, mita saba, tena nane, tena saba. Thelathini. Urefu kutoka bega hadi pindo: mita tatu. Tisini za mraba. Nikatoa milango na madirisha, kama unavyotoa shingo na makwapa, zikabaki themanini. Muuza matofali alishaniambia kila mita moja ya mraba inakula matofali kumi ya inchi sita. Matofali mia nane. Akasema mfuko mmoja wa saruji unajenga matofali kama hamsini. Mifuko kumi na sita. Mchanga, nikaweka lori moja, kwa sababu lori ni kubwa. Ufundi nikaukadiria kwa jicho, nikauongeza kidogo kwa huruma.

Tofali moja shilingi elfu moja na mia mbili, mfuko wa saruji elfu kumi na tano, lori la mchanga laki moja na nusu, fundi laki tatu. Jumla milioni moja, laki sita na nusu. Na mimi, kwa akiba ya miaka na mgao wa kikundi chetu cha akina mama, nilikuwa na milioni sita. Niliposhusha chaki nikacheka peke yangu. Watu wanalia kwamba ujenzi unaua! Kumbe hawajui kupima. Jioni hiyohiyo nikapita kwa seremala nikachagua makochi.

Siku ya kununua nikamwita Pimamaji anisindikize kwenye kiwanda cha matofali, si kwa hesabu, ila anigongee matofali asikie kama yamekomaa. Mwanangu naye akaja, ametoka kazini moja kwa moja, na unga bado kwenye nyusi.

Pimamaji akachukua tofali, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalikwaruza kwa msumari, akaliinua hadi magotini akaliachia. Halikuvunjika.

"Mazuri haya," akasema. "Bibi unachukua mangapi?"

"Mia nane."

"Ya kuanzia?"

"Ya kuanzia na kumalizia, mwanangu. Nyumba nzima."

Akanitazama kama anayesubiri nicheke. Sikucheka. Akachuchumaa, akachukua kijiti.

"Nichoree hiyo nyumba, bibi."

Nikachora mchangani: mstatili mzuri, ulionyooka. Pimamaji akauangalia sana, halafu akauliza kwa upole ambao uliniudhi kuliko matusi: "Choo kiko wapi?"

"Humo ndani."

"Na chumba cha dada?"

"Humo ndani vilevile."

"Kati ya chumba cha dada na choo kuna nini?"

Nikautazama mstatili wangu. Ndani ulikuwa mtupu. Mwanangu akageuka upande akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, lakini niliona mabega yake yanatikisika.

Mimi! Mimi ninayewaambia wanafunzi wangu wa ushonaji kila siku kwamba koti bila bitana si koti, ni shati lenye kiburi! Nilikuwa nimemshonea mwanangu nyumba isiyo na bitana. Mapazia niliyawekea bitana, nyumba nikaisahau.

"Kuta za ndani," akasema Pimamaji, akichora mistari ndani ya mstatili wangu, "ni mita kumi na nane hivi. Ukitoa milango, matofali mia nne na sitini."

"Sawa," nikasema. "Tuongeze hayo."

"Msingi je?"

"Msingi si mtaro tu? Unachimba."

"Unachimba, unamwaga zege, halafu juu ya zege unapandisha mistari mitatu ya matofali ndipo ufike usawa wa ardhi. Na ni chini ya kuta zote, za nje na za ndani. Matofali mia tatu na arobaini, bibi, ambayo hakuna mtu atakayeyaona."

"Pindo," nikanong'ona.

"Nini?"

"Hakuna. Endelea kunimaliza."

Akaendelea. Alikuwa mtu wa haki, hakuniacha nusu. Matofali yote elfu moja na mia sita, uongeze themanini ya kuvunjika. Hayo kuyajenga tu ni mifuko thelathini na nne. Zege la msingi mifuko ishirini na tano. Sakafu thelathini na miwili. Linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, mifuko tisa. Plasta ndani na nje, ishirini na minane.

"Ngoja, ngoja," nikasema. "Plasta umehesabu ukuta mara mbili."

"Ukuta una pande mbili, bibi."

Muuza matofali aliyekuwa anasikiliza akaingia ofisini kwake haraka. Nikamsikia anakohoa kikohozi cha uongo.

Mifuko mia moja ishirini na minane. Mimi nilikuwa na kumi na sita. Mchanga si lori moja, ni manne. Kokoto sikuwa nimeziwaza kabisa. Malori matatu, robo milioni kila moja. Na ufundi, akasema bila kuona aibu, huwa kama theluthi ya vifaa. Jumla ikapita milioni saba, na hapo bado nondo, mbao, bati, milango na madirisha.

Mwanangu aliacha kucheka kabla yangu. Alikuwa anatazama ile michoro ya mchangani, kile kisanduku kidogo ambacho Pimamaji alikiita "cha dada".

"Si kitu, mama," akasema. "Nitakwenda tu kwa mwenzangu. Jumapili nitakuwa nakuja."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma. Jumapili! Kama mtu anayekwenda kutazama mgonjwa.

"Wengine wanaanza hivyohivyo," muuza matofali akasema kutoka mlangoni. "Unachukua haya mia nane leo, mengine Mungu atajaalia."

"Wengine hao ninawajua," Pimamaji akamjibu. "Kuta zao zimefika dirishani, mbuzi wanalala ndani."

Nikaomba kiti. Nikaletewa tofali, nikalikalia. Nikaitazama nyumba yangu mchangani kwa muda mrefu, kama ninavyoitazama nguo iliyokatwa vibaya kabla mwenyewe hajaja kuichukua. Na katika kutazama nikakumbuka sare za shule. Mzazi ana hela ya kitambaa kidogo, mtoto anakua kila siku. Humshonei gauni la miaka mitatu ijayo akaliburuza. Unamshonea la leo, ila ndani unaacha pindo pana na mshono mpana, ili mwakani uifungue nguo badala ya kununua nyingine.

"Pimamaji," nikasema, "ukuta unaweza kuachiwa mshono?"

"Vipi?"

"Uchimbe msingi wa nyumba nzima, vyumba vyote. Lakini juu unyanyue sebule, choo na chumba kimoja tu. Pale ukuta wa baadaye utakapokuja kuunganishwa, uache... uache nafasi ya kushika."

Akanyanyua kichwa. "Meno," akasema. "Tunaacha matofali yanatokeza moja moja, mstari huu ndiyo, mstari huu hapana. Ukuta mpya unaingia katikati yake. Inafanyika, bibi. Inafanyika kabisa." Akachora upya, akahesabu upya, safari hii nimekaa kimya kama mtoto wa darasa la kwanza. Msingi wote, milioni moja na nusu na ufundi wake. Kuta za nusu, sakafu na linta, milioni mbili na robo. Inabaki kama milioni mbili na robo kwa nondo, bati, mbao na milango. Plasta isubiri.

"Na makochi?" mwanangu akauliza.

"Makochi gani?" nikasema. "Mimi ninakalia tofali, huoni?"

Kisha akauliza lile nililokuwa nalisubiri. "Chumba hicho kimoja ni cha nani?"

"Kina kuta nne na mlango wenye ufunguo. Ni cha anayelala mchana."

"Na wewe?"

"Mimi nitalala sebuleni na mashine yangu. Tumezoeana, haikoromi."

Alitoa simu, akaenda pembeni, nikamsikia akimwambia mwenzake kwamba kile kitanda cha pili ampe mtu mwingine. Mimi nikamlipa Pimamaji ile hela ya makadirio aliyoitaka mwanzo, na akaipokea bila kuniambia neno, jambo ambalo mimi nisingeweza.

Tumehamia. Nyumba yetu kwa upande mmoja imetoa meno kama inacheka, na wapita njia huuliza inamcheka nani; nawaambia ukweli. Madirisha tuliyonayo ni matatu, kwa hiyo mapazia mawili yalibaki. Niliyaunganisha, nikayatundika kwenye waya sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta, na nyuma yake nikaweka kitanda changu. Maua ya chungwa nje, nyeupe ndani. Pimamaji alipokuja kudai salio lake aliligusa pazia hilo kwa kidole, akatoa kifaa chake mfukoni kuona kama limenyooka.

"Chumba cha pili hiki, bibi?"

"Ndiyo. Na huu ukuta," nikamwambia, "niliuhesabu pande zote mbili."