Povu Lisilopasuka

Mke wangu alihukumiwa bila kuwepo, ndani ya maabara, siku mtaalamu alipoinua kichupa cha damu yangu kwenye mwanga wa dirisha. Damu ilikuwa imeshazungushwa kwenye mashine. Wekundu ulikuwa umelala chini, na juu yake, mahali panapotakiwa kuwa na maji ya manjano yanayopitisha mwanga, palikuwa na weupe kama maziwa. Lehemu, mafuta ya kwenye damu, ilisoma kumi na moja nukta nne. Mtu mzima anashauriwa asizidi tano.

"Mafuta hayo," mtaalamu akasema, akaendelea na kazi zake.

Nyuma yangu alikuwa amesimama dada yangu mkubwa. Sisi wadogo zake tunamwita Mkaguzi, ila akiwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Mwanamke ametulea baada ya mama kufariki, kwa hiyo anakagua mpaka soksi. Aliangalia kichupa, akaniangalia mimi, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyejua tangu zamani.

Sasa, mke wangu ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Watu mia mbili wanakula mkononi mwake kila mchana na kurudi kazini wakijilamba vidole. Mimi fundi viatu, nilimwoa kwa sababu ya akili yake, ingawa mashahidi wanasema nilikuwa nashika sahani. Ukimwambia mpishi kwamba chakula chake kinamuua mumewe, umemvua nguo barabarani. Na ndivyo dada alivyofanya jioni ile, mbele ya watoto: alichukua dumu la mafuta, akalifungia kwenye kabati la jikoni, akaweka ufunguo kwenye sidiria, ambako hakuna mahakama ingeufuata.

"Wifi, kuanzia leo mdogo wangu nampikia mimi," akasema.

Nilitegemea vita. Mke wangu akafuta mikono, akasema sawa, wifi, kisha akaenda kukunja nguo.

Wiki sita nikala vya kuchemsha. Viazi vya kuchemsha, samaki wa kuchemsha, kabeji iliyochemshwa mpaka ikasahau jina lake. Kwa kuwa havikuwa na ladha, dada alivisaidia kwa chumvi, na hakuwa bahili. Asubuhi nikawa naamka macho yamevimba kama niliyepigana na mlinzi. Miguu ikajaa. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki pale likikusubiri. Viatu nilivyojishonea mwenyewe vikanikataa. Tukarudi kupima lehemu: kumi na mbili nukta moja.

Dada akasema bila shaka mke wangu ananipa mafuta kwa siri. Mimi, kwa aibu yangu, sikumtetea kwa sauti. Nilisema tu kwamba sijui. Mke wangu alinisikia.

Kesho yake alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka navua kofia. Alisimama mlangoni mwa choo, akaniambia nikojoe kwenye kopo la plastiki na nimpe. Nikamuuliza kama ameamua kunifungulia kesi. Hakucheka. Aliliweka kopo juu ya ukuta wa uani, akakaa kulitazama kama anavyotazama sufuria ya watu mia mbili. Povu lilikuwa juu, jeupe, zito. Dakika zikapita. Likabaki pale pale.

"Povu la sabuni linapasuka," akasema. "Hili limekaa kama ute wa yai niliopiga kwa uma. Mume wangu, unakojoa mayai."

Alikuwa ameligundua siku nyingi akisafisha choo, lakini nani angemsikiliza mshtakiwa? Tulikwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, na Mkaguzi nyuma yetu, maana hawezi kuachwa. Daktari wa figo, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisikiliza habari ya ute wa yai mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. Akauliza ni nani aliyeona hivyo. Kisha akaagiza kipimo cha mkojo. Kijiti cha kupimia kikageuka rangi ya kijani iliyokolea mpaka mwisho wa kipimo. Protini ilikuwa inamwagika. Damu nayo ikaonyesha kwamba albumini, protini inayozuia maji yasitoroke kwenye mishipa, imebaki chini ya nusu ya inavyotakiwa. Ndiyo maana nilivimba, na chumvi ya dada ilikuwa inayaalika maji zaidi.

"Mama, umekaribia sana," daktari akamwambia mke wangu. "Ute wa yai nao ni albumini na maji."

Dada akauliza: na mafuta je? Daktari akageukia lugha ya jikoni, nadhani kwa heshima ya mgeni wake mpishi. Figo ni chujio. Chujio la mume wako limelegea, linapitisha albumini. Ini linaona damu imepungukiwa, linashikwa na hofu, linawasha majiko yote kupika protini za kufidia. Humo humo linapika na zile zinazobeba lehemu, tena kwa wingi. Albumini inavuja, lakini vibeba mafuta ni vikubwa, havipiti kwenye chujio. Na wasafishaji wa mwili wanaoondoa mafuta kwenye damu nao wamezubaa. Kwa hiyo yanajazana.

"Kwa hiyo si mapishi?" dada akauliza.

"Hata akila mawe, yatapanda. Tutibu figo, tuone."

Nikachomwa sindano ndefu ya mgongoni kuchukua kipande cha figo. Jibu likaja: ugonjwa wa aina inayokubali dawa. Nikapewa vidonge vya prednisoloni, chumvi ikapunguzwa sana, na mke wangu akapewa vijiti vya kupimia mkojo. Kila asubuhi alichovya kijiti, akaandika kwenye daftari la kantini, kati ya maharage na vitunguu, alama ya protini: tatu, tatu, mbili. Dawa ilinipa njaa ya ajabu na mashavu ya mtoto mchanga. Wateja wakasema nimenenepa kwa raha.

Wiki ya tano kijiti kikabaki njano. Hakuna protini. Miguu ikarudi kwenye viatu. Tukapima damu: albumini imepanda, lehemu tisa nukta tatu.

Dada akashika karatasi kama aliyeokota ushahidi. Figo imepona, mafuta bado, sasa tuseme nini? Ufunguo ulikuwa bado mahali pake. Mke wangu akamjibu kwa upole ulionichoma.

"Wifi, ukizima jiko, chakula kilichoiva kinatoweka? Ini limeacha kupika juzi tu. Acha kilichomo kiliwe."

Daktari alisema vivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Akaongeza kwamba isiposhuka ndani ya miezi michache, atatoa dawa ya lehemu. Kwa hiyo tukasubiri, na mke wangu akasubiri kuliko wote, maana mimi nilisubiri damu yangu na yeye alisubiri jina lake.

Wiki ya kumi na mbili nilikwenda maabara na Mkaguzi. Mtaalamu yule yule akainua kichupa dirishani. Juu ya wekundu palikuwa na maji ya manjano, na kupitia kwayo niliona vidole vyote vya mtaalamu. Nne nukta nane. Dada alikiomba kichupa, akakitazama muda mrefu. Njia nzima hakukagua kitu.

Nyumbani alimkuta mke wangu akimenya vitunguu. Akageukia ukuta, akatoa ufunguo, akaupangusa kwa kanga kabla ya kuuweka mezani.

"Daktari amesema chumvi kidogo," akasema. "Mafuta hajasema."

"Ya kiasi, wifi."

"Ya kiasi, basi." Dada akavuta kigoda, akachukua kisu na kitunguu. "Nikate vipi? Wewe unavikata vipi?"

Mke wangu akamwonyesha. Mimi nikashika sahani.