Niuzie Tochi Hii

"Niuzie tochi hii," alisema Mzee Shumbana, meneja wa mauzo wa duka la taa za sola hapa Katesh, akaisukuma mezani kuelekea kwangu.

Huu ulikuwa usaili wangu wa nne. Mara tatu nilifeli kwa kusifia bidhaa kama dalali wa mnadani. Safari hii nilijua: uliza kwanza, sikiliza shida ya mteja, mwonyeshe bidhaa inavyoitatua, halafu mwombe anunue.

"Baba, mara ya mwisho ulihitaji tochi lini?"

"Siku ya maporomoko, mlima ulipoviangukia vijiji vyetu. Nilikuwa Jorodom namtafuta mama yangu kwenye tope. Betri ikaisha."

Jibu lilikuwa wazi: hii inakaa na chaji saa kumi na mbili, nikufungie moja? Lakini kwetu mfiwa hauziwi kitu, anapewa. Nikamkabidhi tochi kwa mikono miwili.

"Pole, baba. Chukua tu."

Akaandika sifuri. "Umeuliza vizuri, lakini hukuniomba ninunue. Niitie anayefuata."

Akaingia Evarist. Nilikuwa bado mlangoni nafunga kamba za viatu nilipomsikia mzee: "Nilikuwa Jorodom namtafuta mama yangu kwenye tope. Betri ikaisha." Maneno yaleyale, na sauti ilimkatika palepale ilipomkatika mbele yangu.

"Pole, baba," alisema Evarist. "Hii inakaa na chaji saa kumi na mbili. Nikufungie moja au mbili?"

"Moja!" Wakacheka, washenzi.

Mama yangu mimi tulimpata siku ya tatu. Tulimfukua kwa mikono.