Jibu Lililoingia Mara Moja

Nasma, karani wa kampuni ya machungwa Muheza, alichoshwa na barua pepe za kuja mbilimbili. Anwani ya mauzo ilikuwa jina la pili tu la sanduku la ofisi, barua zake zikiangukia humo humo, naye alikuwa ameelekeza anwani zote mbili kwenye sanduku lake binafsi! Akafuta uelekezaji wa mauzo. Kila barua ikaingia mara moja. Akafurahi, akawajibu washindani wao walioko Pongwe, waliokuwa wamempa kazi.

Jibu lao likaja. Akaona limeandikiwa mauzo. Kumbe alikuwa amejibu bila kubadili anwani ya mtumaji kutoka mauzo kuwa yake binafsi, na sanduku la ofisi bosi hulisoma pia. Akakimbilia kulifungua sanduku hilo alifute jibu.

Lilikuwa limeshasomwa.

“Nasma mwanangu,” bosi aliita kutoka ofisini kwake, “Pongwe wanauliza unaanza lini.”