Mtoto Aliyenyamaza Mwenyewe

Siwapendi watu wanaoongea wote kwa mpigo, na familia ile iliingia chumbani kwangu ikiongea kwa mpigo. Bibi alitangulia, kamkumbatia mjukuu wake wa miezi saba. Nyuma yake baba wa mtoto, fundi friji, bado kavaa ovaroli la kazini. Mama wa mtoto alikuwa mwisho kabisa, na mfuko wa nepi begani, kimya. Hata sijasema karibuni, bibi na mwanawe walikuwa wanabishana nani fundi wa kumtuliza mtoto.

"Daktari, huyu ni mume wangu," bibi akasema, akimlaza mjukuu kwenye kitanda cha wagonjwa. "Tangu jana mchana ana msokoto wa tumbo. Ukimjia anapiga mayowe, anakunja miguu mpaka kifuani. Nikimpaka mafuta ya uvuguvugu nikamwimbia, muda si muda, kimya."

"Mama, si mafuta," baba akadakia. "Ni mimi nikimlaza kifuani nikanguruma."

"Ukanguruma?" nikauliza.

"Kama friji, daktari. Anapenda sana."

Nesi wangu akageukia ukutani ili acheke kwa adabu. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama mume wa bibi. Alikuwa ametulia kupita kiasi. Mtoto wa miezi saba akiletwa kwangu hunyakua miwani yangu, au angalau hunichukia. Huyu alinitazama kwa macho mazito, midomo imepauka, na kidole changu hakukishika.

Nikawahoji. Ametapika? Ndiyo, mara kadhaa, na matapishi ya mwisho yalikuwa ya kijani. Homa? Hakuna. Asubuhi walipita zahanati, wakaambiwa ni kuhara na kutapika, wakapewa pakiti za chumvi za kuchanganya na maji.

"Na anahara?"

"Kidogo kidogo tu," bibi akasema. "Uteute. Meno hayo, daktari."

Meno! Meno ya watoto yamesingiziwa mengi duniani. Yule wa zahanati sikumlaumu, maana alimwona mtoto katika dakika zake za utulivu, na nyuma yake foleni nzima ya watoto wanaohara kwelikweli. Lakini kuhara kwa kweli ni maji, tena mengi, na maumivu yake hayaji kwa zamu namna hii. Na msokoto wa watoto wachanga huwa wa miezi ya mwanzo. Mara nyingi mtoto akifika miezi minne hivi umeshamwacha, na hauleti matapishi ya kijani.

Nikaweka mkono tumboni, polepole. Lilikuwa laini. Chini ya mbavu za kulia vidole vyangu vikakutana na kitu kirefu, kama soseji. Hata mkono sijautoa bado. Mtoto akapiga yowe, magoti yakapanda, uso ukapauka.

Bibi akaruka na chupa ya mafuta. Baba akaanza kunguruma, na kusema kweli alinguruma vizuri.

"Acheni!" nikafoka. "Asimguse mtu."

"Utamwacha mume wangu alie hivi hivi?" Bibi alinitazama kana kwamba mimi ni muuaji.

"Dakika mbili tatu, bibi. Nina sababu."

Zilikuwa dakika ndefu, hata kwangu. Kisha miguu ikalegea. Mtoto akanyamaza, akafumba macho, bila mafuta, bila wimbo, bila friji. Bibi akabaki na chupa yake mkononi.

"Amewahi kunyamaza hivi nyumbani?" nikauliza.

"Haijatokea," bibi akasema. "Lazima ashikwe."

Mama wa mtoto akatazama sakafu. Nikamsogelea.

"Nakuuliza wewe, mama mtoto."

Akamwangalia mama mkwe wake kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Alfajiri wenzangu walikuwa wamelala. Alilia, nikamlaza kitandani nikaenda kuinjika maji. Niliporudi alikuwa kimya. Baadaye kidogo akaanza tena. Inakuja yenyewe, daktari, na inaondoka yenyewe. Sisi tunaikuta inaondoka."

Akafungua mfuko wake, akatoa nepi iliyofungwa ndani ya plastiki. "Na hii ya sasa hivi, tukiwa njiani."

Nikaifungua. Ilikuwa damu na ute, nyekundu iliyokolea, nzito, ikitetemeka kama jeli.

"Mbona hukusema mlipoingia?"

"Mama alikuwa anaongea."

Hakulisema kwa lawama. Bibi akaketi.

Nikawaeleza bila kupamba. "Utumbo wake umejiingiza ndani ya utumbo, kama mkono wa sweta unapoivua kwa haraka. Utumbo ukisukuma unabana, anapiga kelele; ukipumzika, ananyamaza. Sehemu iliyobanwa inavuja damu na ute, ndiyo jeli hii. Ikikaa muda mrefu inakufa. Na ikifa, mtoto yumo hatarini."

"Unatibika?" baba akauliza. Sauti yake ya friji ilikuwa imekwisha.

"Tukiwahi. Kuanzia sasa asipewe kitu mdomoni, hata ziwa."

Tukamtundikia dripu. Kwenye kioo cha ultrasaundi ikaonekana duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Daktari wa upasuaji, ambaye wodi nzima tunamwita Mpole, akakubali tujaribu maji ya chumvi kwanza. Chumba chake cha upasuaji kilikuwa tayari, endapo yangetushinda.

Maji yaliingia kwa mpira kupitia njia ya haja kubwa, mfuko ukining'inia juu, na sisi tukifuatilia kwenye kioo. Mama alimshika mwanawe mabega. Maji yakausukuma ule utumbo ulioingia, ukarudi nyuma kidogo, ukarudi tena, ukakwama. Tukayatoa, tukapumzika. Mpole alitazama saa ya ukutani na mimi nikajifanya sikumwona. Nina miaka mingi kazini na bado huomba kimoyomoyo, bila aibu.

Mara ya pili ulikwama palepale. Halafu ukaachia. Maji yakapenya mpaka utumbo mwembamba, na kitunguu kikatoweka.

"Basi mimi sina kazi hapa," Mpole akasema, akatoka akipiga mluzi. Mama akauinamisha uso wake juu ya kichwa cha mwanawe, akalia kwa mara ya kwanza siku ile.

Nilikuwa nimewaonya kwamba hali ile inaweza kujirudia, hasa siku ya kwanza, kwa hiyo walale wodini. Jioni, nikiwa najiandaa kwenda nyumbani, nikasikia yowe. Nililijua limetoka kitanda gani. Nikatupa mkoba, nikakimbia.

Baba alikuwa amesimama kando ya kitanda. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, nesi, baba, sote tukamgeukia bibi, kwa vile ndiye mkubwa na ndiye aliyezoea kusema.

"Msinitazame mimi," bibi akasema. "Mama yake huyo hapo. Muulizeni hiki ni kilio gani."

Mama akamwinamia mtoto, akasikiliza. Miguu haikukunjwa, ilikuwa inarusha mateke. Uso ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Njaa," akasema. Safari hii hakumwangalia mtu yeyote.

Nikabonyeza tumbo kila upande. Lilikuwa laini, halina kitu. "Mpe ziwa," nikasema.

Mtoto akalikamata kwa pupa, akinung'unika. Bibi akavuta kiti chake nyuma ya mkwewe, akaketi, akamvuta mgongo taratibu ili aegemee kifuani pake.

"Egemea, mwanangu," akamwambia. "Hujalala tangu jana."