Kamba ya Felician

Jumanne, tarehe 12 Julai 1988, saa nne asubuhi, wanawake kumi na mmoja waliosokota kamba za katani katika karakana ya Mwahija mjini Kahama walikaa chini mbele ya televisheni ya Theonest mpiga picha. Jenereta ilinguruma nje. Kanda ilikuwa ya dakika sita, kama kamati ya maonyesho ya viwanda vidogo mkoani ilivyoagiza. Wanunuzi wa kamba mia nne za mashimo ya dhahabu ya Bugarama wangeitazama kabla ya kuchagua muuzaji. Karakana isipopata kazi hiyo ingefungwa, na hilo hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Kwenye kioo Mwahija alisema, "Nilianza peke yangu, sina kitu. Nililala njaa, nikasokota kwa mikono yangu hii. Leo hakuna shimo Bugarama lisilonijua."

Chausiku, aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza, alipiga makofi mara moja. "Peke yako, dada? Basi mimi nilikuwa mzimu. Na shimo likujue wewe kwa lipi? Shimo linamjua aliyeingia."

Wenzake walicheka. Mwahija hakucheka; alizoea kukisimulia kisa hicho hivyo, na hakuna aliyewahi kumcheka.

"Mama Zuwena," Theonest alimwambia Mwahija akizima mashine, "hata njaa umeisimulia kama medali. Tuambie ulichofanya, na pale ulipokosea. Sifa mwachie mteja. Nani alinunua kamba ya kwanza?"

Aliyejibu ni Chausiku.

"Felician, mchimbaji wa Ushirombo."

"Twende tukamrekodi."

"Amekufa," Mwahija alisema. "Kwa kamba hiyohiyo."

Aliwaeleza kwa kifupi. Mwaka 1983 katani ilimwishia katikati ya kazi. Akaunga kamba ya nyuzi mbili, akaiuza. Ilikatikia kwenye kiungo, Felician akiwa hatua thelathini chini shimoni. Baada ya mazishi alizifuata kamba saba nyingine alizokwisha kuuza, akazichoma moto. Tangu hapo kila kamba ni ya nyuzi tatu, haina kiungo, na hutundikiwa magunia mawili ya mchanga kutwa nzima kabla ya kuuzwa. Kwa miaka mitano wateja walimsifia magunia hayo. Hakuwaambia yalianzia wapi.

"Kisa chako ndicho hicho," Theonest alisema. "Ila bila ruhusa ya mjane wake hatukigusi."

Alhamisi walifika Ushirombo. Febronia, mjane wa Felician, alikuwa akitwanga mtama. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mchi mkononi.

"Nitasema. Ila mtamtaja kwa jina, na msiseme alikuwa mzembe."

"Hatutasema, mama," Theonest alijibu.

Mbele ya kamera Febronia hakulia. "Huyu Mwahija alikuja msibani. Hakutetea kamba yake. Aliomba kile kipande kilichokatika, akaondoka nacho. Mdogo wa marehemu anashukia kamba zake mpaka leo. Basi."

Theonest alihamisha vipande vya picha kutoka mashine moja kwenda nyingine, kimoja kimoja. Njaa ilikatwa, na maneno ya mashimo yote ya Bugarama yakakatwa. Chausiku aliingizwa akisokota. Mwahija alibaki na sekunde arobaini: alishika kile kipande cha zamani, akakionyesha kiungo, akasema, "Hiki nilikiunga mimi. Felician alikufa." Kisha magunia ya mchanga yakaonekana yakining'inia, bila neno.

Tarehe 6 Agosti kanda ilionyeshwa ukumbini Shinyanga, Mwahija, Chausiku na Theonest wakiwepo. Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Mjumbe mmoja wa ununuzi alimwita Mwahija pembeni.

"Kamba zako nzuri, mama. Lakini utaanzaje biashara na maiti? Mtoe yule mjane, na wewe uache kukiri. Tuitazame tena kesho saa tatu."

"Kumtoa ni kazi ya saa moja tu," Theonest alimnong'oneza.

"Dada, tuko kumi na mmoja," Chausiku alisema. "Sisemi zaidi."

Mwahija alikaa kwenye benchi mpaka ukumbi ukafagiliwa. Hakuona namna ya kumtoa Febronia na kuyabakiza magunia. Magunia yangeonekana ni akili ya Mwahija tu. Kesho yake saa tatu alipeleka kanda ileile.

Tarehe 2 Septemba ilirudishwa kwa basi, pamoja na barua ya mistari miwili: kamba zingenunuliwa kwingine. Siku nne baadaye Mwahija alifunga mlango wa karakana, akampa Chausiku mashine ya kusokotea, akapanda gari la Ushirombo. Alimkuta Febronia akipepeta mtama, akamsomea barua.

"Na jina lake lilisikika?" Febronia aliuliza.

"Lilisikika mara mbili."

Febronia alimpisha kwenye kigoda, akaendelea kupepeta.