Kuuliza Si Kuhama

Abdow hakujua kusema jambo kwa sauti ya chini. Duka lake pale Iftin lilikuwa na simu, moja ya simu chache mtaani, na mtu akipigiwa, Abdow alisimama barazani akamwita kama anayeita ngamia aliyepotea.

"Saynab! Eeh, Saynab! Nairobi wanakutafuta! Kazi!"

Saynab alikuwa ng'ambo ya barabara, anatoka kazini, kitambulisho cha shirika kingali shingoni. Wanaume waliokuwa wakinywa chai kwenye benchi la Abdow waligeuza shingo zote kwa pamoja. Alivuka barabara upesi, si kwa furaha, bali amnyamazishe.

"Abdow, ungenitumia mtu nyumbani."

"Habari njema haitumiwi mtu. Kuna mama anaitwa Makena. Ofisi yao inatafutia mashirika wafanyakazi. Amesema umpigie."

Saynab hakuwa anatafuta kazi. Alikuwa nayo, na aliijua kama mtu anavyojua jiko lake. Alisimamia chanjo katika bohari ya shirika moja la misaada mjini Garissa: asubuhi na jioni anasoma joto la kila friji, anaandika, anapanga masanduku ya barafu ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Dagahaley na kwingineko. Mumewe, Bare, alipofariki, ni kazi hiyo iliyomwamsha kitandani. Mafriji hayakujua kuwa ana msiba. Yalitaka kusomwa, naye akaenda akayasoma, siku ya kwanza na zilizofuata, mpaka akaweza kula tena. Watoto wake wawili walisoma kwa kazi hiyo. Mkataba ulifanywa upya kila mwaka, na mwezi ule ndio uliokuwa wa kuufanya upya.

Lakini aliyesikia jina lake linatajwa Nairobi asitake kujua limefikaje huko, huyo si binadamu. Kesho yake baada ya swala ya adhuhuri alirudi dukani. Abdow akafungua kufuli la kisanduku cha simu. Benchi lilikuwa limejaa, na katikati yake ameketi Salat, mdogo wa marehemu baba yake, fimbo kati ya magoti.

"Piga, adeer, piga," Salat alimwambia, kwa neno la Kisomali ambalo baba mdogo na mtoto wa nduguye huitana. "Sisi hatusikilizi."

Wote wakanyamaza wapate kusikia.

Makena alikuwa na sauti ya upole. Alisema jina la Saynab amelipata kwa mtu aliyekuwa na Saynab kwenye mafunzo ya chanjo Nakuru. Kuna shirika linataka msimamizi wa chanjo upande wa Mandera. Je, angependa?

"Dada, asante kwa kunikumbuka," Saynab alisema. "Nikwambie ukweli mapema tusipotezeane wakati. Nina kazi na sitafuti nyingine. Nataka kujua tu. Ni shirika gani?"

Makena akasema jina hawezi kulitoa mpaka Saynab amtumie wasifu wake.

"Sawa, basi niambie yasiyofichwa. Kituo ni Mandera mjini au ni huko Kutulo? Mkataba ni wa muda gani? Mshahara unaanzia wapi unaishia wapi? Aliyekuwa kwenye kiti hicho ameondokea nini?"

Makena alicheka kidogo, akasema hayo atayaulizia, wazungumze tena Jumatano.

"Vizuri. Na mawili ninakuomba. Usipeleke jina langu kwa mtu yeyote kabla sijakuruhusu. Na bosi wangu usimpigie. Majina ya wadhamini wangu nitakupa siku nikiamua kuomba, si leo."

Akakata simu. Alidhani amejibu vizuri, na kweli alijibu vizuri. Hakukubali, hakukataa, hakujifunga. Kosa lake lilikuwa moja: alijibu mbele ya benchi la Abdow.

"Mashallah!" mmoja alisema. "Mandera! Utakula nyama ya ngamia mpaka uichoke."

"Siendi Mandera. Nimeuliza tu."

"Hivyo hivyo, mama. Siri ni nzuri," Abdow alisema, akimkonyezea jicho.

"Abdow, kuuliza si kuhama."

Walicheka wote. Salat hakucheka. Alikuwa anatazama ncha ya fimbo yake, kama mtu anayepiga hesabu ya mifugo.

Jumatatu asubuhi Mutiso, meneja wa shirika, alimwita ofisini. Hakumwambia aketi.

"Kwa nini niambiwe na wazee?"

"Uambiwe nini?"

"Kwamba unaondoka. Jumamosi baba yako mdogo amekuja na wazee wawili na kijana anaitwa Guled. Amenishukuru kwa miaka niliyokaa na wewe. Akasema kiti chako kisitoke kwenye familia, Guled akikalie. Sijamaliza chai, kundi la pili liko mlangoni na kijana wao. Wanasema zamu hii ni ya ukoo wao. Leo nimekuta kundi la tatu getini, Saynab! Askari ameniuliza kama kuna harusi."

Damu ilimpanda Saynab mpaka masikioni. Alieleza: amepigiwa, ameuliza, hakuomba chochote.

"Mimi naamini," Mutiso alisema, na uso wake haukuamini. "Lakini mzee wa familia yako amesema mbele ya watu kwamba kiti ki wazi. Mkataba wako unaisha mwezi huu. Nikikuandikia mwingine kimya kimya, hayo makundi mengine mawili yatasema nimeyadanganya. Nitatangaza nafasi. Ama huyo mzee arudi mwenyewe aseme maneno yake hayakuwa kweli. Nangoja mpaka kesho."

Saynab hakurudi kwenye mafriji. Alimwomba mwenzake ayasome, akatembea juani mpaka Iftin, na kila hatua ilimwongezea hasira. Angewaamkia watu njiani, lakini aliogopa mdomo wake ungetoa kitu kingine.

Salat alikuwa pale pale.

"Adeer, umefanya nini?"

"Salaam kwanza, Saynab."

"Assalaam aleykum. Umefanya nini?"

"Nimekulindia kiti," Salat alisema kwa utulivu. "Ulikuwa unaondoka bila kumwambia mtu. Hapa kiti kikikaa wazi siku moja tu, kinakwenda kwa wengine, na hakirudi. Anayewahi ndiye anayekula. Ungenishukuru."

"Kiti kina mtu! Mimi hapa! Unaniona?"

"Punguza sauti. Umesikika ukiuliza mshahara. Mtu asiyeenda anauliza mshahara wa nini?"

"Anauliza ajue! Wewe ukipita sokoni unauliza bei ya kila fahali, siku ngapi umerudi na fahali?"

Mtu mmoja kwenye benchi aliguna kicheko akakimeza. Salat alimtazama, kicheko kikafa.

"Guled ameacha kufundisha kule Kutulo," Salat alisema. "Amesafiri kwa lori, amefika. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli, kwamba umempa kitu kisicho chako."

"Wewe ni mjane, Saynab. Mambo yako ni juu yangu. Bare hayupo."

Saynab alimsogelea. Tangu Bare azikwe, Salat alikuwa amefika nyumbani kwake mara moja, siku ya dua, akala akaondoka.

"Usimtaje Bare," alisema taratibu, na ile taratibu iliwatisha watu kuliko kelele. "Bare alipokuwa mgonjwa, mambo yangu yalikuwa juu ya nani? Leo kuna kiti cha kugawa ndiyo umekuwa baba. Simama, adeer. Twende kwa Mutiso. Usiposimama, nitakaa hapa mpaka watu watoke msikitini, na kila atakayepita nitamwambia umegawa chakula cha wajukuu zako yatima."

Hakuna aliyekunywa chai. Abdow alijifanya anapanga sabuni.

Salat alisimama.

Ofisini Mutiso aliwapa viti, na Salat akaanza kwa Kiswahili chake cha sokoni, kisicho na p wala z, akiwa amenyoosha mgongo.

"Bwana meneja, mambo imebadilika. Huyu mutoto yetu alikuwa anataka kwenda. Sasa amebadilisha roho. Anataka kubaki. Basi, mubatie kasi yake, maneno imekwisha."

Mutiso alivuta pumzi, akachukua kalamu. Alikuwa amechoka na makundi ya getini, na maneno haya yalimtosha.

"Kwa hiyo umebadili mawazo," alimwambia Saynab. "Ungesema tu."

Salat alimtazama Saynab kwa pembe ya jicho. Ilikuwa wazi anachoomba: akubali uongo huu mdogo, kazi ibaki, na mzee arudi kwenye benchi na heshima yake. Aitikie kwa kichwa tu. Lakini akiitikia, atakuwa ni yule aliyetaka kutoroka akashindwa, na kila mkataba ukifika Mutiso atamwuliza kama safari hii anabaki kweli.

"Sikubadili mawazo," alisema. "Sikuwahi kuamua kuondoka. Nilipigiwa simu, nikauliza maswali. Adeer alisikia maswali akaja kukuambia jibu ambalo sikulitoa. Kiti hakikuwa wazi hata saa moja."

Salat aliokota fimbo yake sakafuni.

"Umenivua kanzu mbele ya mgeni," alisema kwa Kisomali.

"Uliivua mwenyewe Jumamosi."

Akatoka bila kuaga, wala mlango hakuufunga.

Mutiso alizungusha kalamu. "Yale makundi mengine nitayaambia mzee mwenyewe amekuja. Tangazo halitatoka. Lakini mkataba nitakuandikia wa miezi sita, siyo mwaka. Makao makuu Nairobi wameshasikia hii kelele, na mimi nimewaambia huenda unaondoka. Tuone."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Basi kwa nini miezi sita?"

Mutiso akaanza kuandika. Saynab aliutia sahihi mkataba ule kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Nusu mwaka ulikuwa umeliwa, na asingeweza kumdai mtu yeyote.

Jumatano alipiga simu kutoka kibanda cha posta, mlango ameuvuta mpaka mwisho. Makena alikuwa ameuliza kila kitu: kituo ni Mandera mjini, mkataba ni wa mwaka na unaweza kuongezwa, mshahara unapita anaopata sasa kwa kiasi kizuri, na aliyekuwepo ameolewa akahamia Isiolo.

Siku chache zilizopita Saynab angemshukuru na kumwambia hapana. Sasa aliukumbuka ule mkataba wa miezi sita.

"Bado nina kazi," alisema. "Sina haraka, na siombi kwa sababu nimekwama. Lakini nataka kuendelea. Wasifu wangu utaupata kwa posta wiki hii. Jina la shirika unitajie kabla hujawapa. Na bosi wangu bado usimpigie."

"Nimeelewa. Nikikutafuta nipige dukani?"

"Hapana!" Sauti ilimtoka kali, karani wa posta akainua kichwa. Akajizuia. "Samahani, dada. Andika barua. Nikupe namba ya sanduku langu la posta, na barua ifungwe kwa gundi vizuri."