Salamu kwa Feni ya Mgodini

Mimi, Mwaba, mwanafunzi wa bweni na Mfasiri Mkuu wa mgodi wetu hapa Lubumbashi, natangaza kwamba nimeokoa maisha ya watu. Cheo nilijipa mwenyewe. Mjomba Kapya, msimamizi wa baruti, aliniomba tu nifasiri taratibu za Kifaransa, wachimbaji wazielewe.

Nilifasiri kwa uangalifu: wakati wa kulipua, kila mtu awe mita mia tatu mbali, na baada ya mlipuko wangoje dakika thelathini feni iondoe moshi wenye sumu. Halafu utundu ukanishinda, nikaongeza: "Kabla ya kurudi, feni isalimiwe kwa heshima."

Jana walilipua, wakangoja. Muda ulipokwisha, Chola, mchimbaji anayefuata kila agizo neno kwa neno, akaenda kwenye feni, iliyowekwa kwenye njia ya kando isiyo na moshi, akavua kofia na kuisalimu kama raia mwenzake.

"Jambo, citoyen feni!"

Wenzake wakacheka. Lakini Chola aliona feni imezimika, na moshi bado umejaa ndani. Hakuna aliyeingia mpaka ilipotengenezwa na dakika thelathini zikaanza upya.

Jioni mjomba akaniita.

"Nataka kumushukuru ule enjenia aliandika salamu ya feni. Iko ukurasa gani?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Haiko, mjomba. Njo mimi niliiongeza. Nilitaka kumucheka Chola tu."